Ratiba ya Kudumu

Nakiri kwamba kwa miaka miwili sikugundua kuwa wanafunzi wangu wa jioni waliinakili ratiba ya wiki kwa penseli. Maelezo ya masomo waliyaandika kwa kalamu ya wino, lakini ratiba, iliyokaa nyuma ya daftari, ilikuwa ya penseli. Mimi, mratibu wa kituo na mtu anayejivunia kusoma kwa makini, niliziona kurasa hizo mara nyingi na sikuuliza kitu.

Kituo chetu hutumia madarasa mawili ya shule ya msingi huko Kiwalani, kuanzia saa kumi na moja jioni. Wanaosoma ni watu wazima, watahiniwa wa kujitegemea wanaorudia mtihani wa kidato cha nne. Mwezi wa Julai, Mwalimu Praygod wa Hisabati alipangiwa zamu ya Jumanne katika shule anakofundisha mchana. Nikabadilisha vipindi: Hisabati ikaenda Alhamisi, Uraia ukaja Jumanne. Tangazo nililiandika kwa uangalifu, nikapigia mstari maneno "mabadiliko haya ni ya kudumu", nikalisoma mbele ya darasa.

"Kuna mwenye swali?"

Kimya. Nikaandika kwenye kumbukumbu zangu kwamba wote wameridhia.

Alhamisi iliyofuata, kati ya wanafunzi ishirini na watatu, walifika watatu. Jumanne walifika ishirini na mmoja, wamebeba mikebe ya vifaa vya jometri, wakamtazama mwalimu wa Uraia kama mgeni aliyekosea nyumba. Wiki ya pili mambo yakawa yale yale. Nikamwita kiongozi wa darasa, Theonest, karani wa kampuni ya mizigo karibu na uwanja wa ndege.

"Mwalimu, usituelewe vibaya," alisema. "Sie tulijua litapita tu. La Historia lilipita, la Kiingereza likapita, la Jiografia halikumaliza hata mwezi."

"Lakini hili niliandika ni la kudumu."

"Yote huwa unaandikaga hivyo, mwalimu." Akajitahidi asicheke, akashindwa. "Ndiyo maana tunatumia penseli."

Nilirudi kwenye kumbukumbu zangu. Kweli, kwa miaka miwili nilikuwa nimetangaza mabadiliko manne ya kudumu, na lililodumu zaidi lilidumu siku arobaini. Badala ya kujifunza, niliamua kurudisha Hisabati Jumanne. Praygod alikubali kumwomba mkuu wake ambadilishie zamu. Nikaandika tangazo la tano, nami, kwa mazoea, nikamalizia kwa maneno yale yale.

Wino haujakauka, Wahiba akabisha hodi ofisini. Ana duka la vyakula mtaa wa pili, analiendesha pamoja na wifi yake, Khulud. Alikuwa mmoja wa wale watatu wa Alhamisi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Wahiba. Karibu."

"Nasikia Hisabati inarudi Jumanne."

"Ndiyo, kwa faida ya wengi."

"Mimi lile tangazo lako niliamini, mwalimu. Wifi yangu alikuwa anajifunza kushona kila Alhamisi. Nikambembeleza ahamie Jumanne, anishikie duka Alhamisi. Kahama, na cherehani yake ya Alhamisi kapewa mwingine. Sasa nikamwambie nini? Kwamba mwalimu alikuwa anatania?"

Nikalitazama tangazo la tano pale mezani.

"Hisabati, somo pekee ninalorudia, imeniangusha mara mbili. Muntasir kaniambia Novemba hii ndiyo ya mwisho, nikifeli nitulie dukani. Na mume wangu huyo, mwalimu, akisema la mwisho, huwa la mwisho."

Neno hilo lilisemwa kwa upole, lakini lilinifika. Mtu pekee aliyenitii kikamilifu ndiye niliyekuwa karibu kumwadhibu, ili kuwafurahisha wale waliokuwa na busara ya kutoniamini.

Nililichana tangazo mbele yake. Jumanne nilisimama mbele ya darasa bila karatasi, nikawaeleza kuwa Hisabati inabaki Alhamisi, na kwamba Praygod ataanza logarithi keshokutwa hata akiwa na mwanafunzi mmoja.

"Mwalimu," akauliza Theonest kutoka nyuma, "ni la kudumu kama yale, au la kudumu lenyewe?"

Darasa likaangua kicheko. Nikangoja kiishe.

"Njoo Alhamisi uone."

Alhamisi hiyo walifika wanne. Theonest hakuwamo. Praygod aliwafundisha wanne hao mpaka kengele, na wiki iliyofuata hakurudia hata mfano mmoja kwa wale tisa waliofika. Mwisho wa Agosti, Theonest alikaa karibu na Wahiba akinakili maelezo yake, huku Wahiba akimwambia, "Andika haraka, kaka, nina duka la kufunga mie, sikai mpaka kituo kifungwe."

Hisabati imebaki Alhamisi mpaka leo, na wanaohudhuria ni kumi na tisa. Siku hizi, kabla ya kubadilisha kipindi chochote, namuuliza kila mwanafunzi peke yake ni nani nyumbani kwake atakayelazimika kubadilisha siku yake. Tangu nilipoanza kuuliza hivyo, sijabadilisha kipindi hata kimoja.