Nafasi ya Kumlisha Baba

Kila Ijumaa jioni nilituma ujumbe uleule kwenye kikundi cha ndugu na majirani, maana Jumamosi nashinda kiwandani nikishona mashati, na baba hakuweza hata kujigeuza tangu kiharusi kimwangushe.

"Kumwogesha: watu wawili. Kufua: mmoja. Kununua dawa: mmoja. Kumlisha mchana: mmoja tu. Nakili orodha, ongeza jina lako, itume tena."

Kumlisha ilikuwa kazi ya Nesi, jirani yetu mstaafu. Hakuna aliyewahi kumtangulia. Alimkalisha baba wima, akampa kijiko, akangoja ameze ndipo ampe kingine. Koo la baba lilikuwa limelegea. Ukimlisha amelala, uji unamwendea mapafuni. Ijumaa ile Nesi alijiandika wa kwanza. Nikalala bila wasiwasi, na asubuhi nikafungia simu kabatini, kama kiwanda kinavyotaka.

Sasa kuna Kinyozi, jirani yetu mwingine. Moyo wake mzuri, lakini kusoma kunamshinda kwa uvivu. Alinakili ujumbe wangu wa mwanzo, ule mtupu, akajiandika kwenye dawa, akatuma. Jina la Nesi halikuwemo tena. Waliofuata wakanakili wa Kinyozi, bila hata mmoja kupandisha juu kutazama ujumbe wa Nesi. Shangazi, dada yake baba, akaona nafasi ya kumlisha iko wazi, akaichukua.

Nesi naye aliliona jina la Shangazi pale lilipokuwa lake. Akadhani nimeamua ndugu wa damu ashike zamu. Nafasi ni moja, akanyamaza, akabaki kwake. Nampenda yule mama, ila siku ile heshima yake niliichukia kabisa.

Mchana msimamizi aliniita ofisini kupokea simu. Nilipofika nyumbani, baba alikuwa ameshafunikwa shuka. Mto wake mmoja, mwembamba, ulikuwa umelowa uji.

Nesi alikuwa mlangoni. Alinyoosha simu yake na kunionyesha ujumbe wake, kisha wa Kinyozi chini yake.

"Nilidhani umenibadilisha, mwanangu," alisema. "Laiti ningekuuliza."

Nilipita, nikiwa na hasira ya kumrarua mtu, nikamkuta Shangazi ameketi sakafuni, bakuli mapajani. Mwanamke wa miaka sabini, amepanda magari mawili kuja kumlisha kaka yake.

"Kiharusi kimemrudia," aliniambia. "Alikohoa kidogo, nikamwambia kaka, jikaze, umalize. Akanisikiliza. Bakuli zima, mwanangu. Angalau hakuondoka na njaa."

Nesi, aliyenifuata ndani, alinitazama. Alikuwa akingoja nitakalosema.

Nilichuchumaa, nikalitoa bakuli mapajani mwa Shangazi.

"Ndiyo, Shangazi," nilisema. "Umemlisha vizuri."