Ombi la Mama Bertille

Mama Bertille alikuwa mtu wa maombi, na hakuna aliyemlaumu kwa hilo. Kosa lake ni kulipeleka jambo la bintiye kwenye kikundi cha wamama siku ya Alhamisi. Syntiche, msichana wa miaka kumi na tano, alikuwa amemnong'oneza wakianika dagaa: "Mama, siku hizi nikisali sisikii kitu. Nasema tu maneno." Basi Bertille akaligeuza kuwa ombi. Ombi gani hilo! Jumapili wamama saba wakaingia uani, wakamwekea mtoto mikono kichwani na kupaza sauti, majirani wakichungulia juu ya ukuta.

Walipoondoka, moto ukawaka. "Mudomo wako njo ulimufukuza papa!" Syntiche alipiga kelele, akimsema baba yake aliyewaacha zamani.

"Papa yako alikimbia weye!" Bertille akajibu, damu imemchemka.

Siku mbili hawakusemezana. Bertille alipika bugali na samaki ambaye binti anampenda. Sahani ikarudi ilivyokwenda. Akafikiria kumwita mchungaji awapatanishe, kisha akajiona mjinga. Mtu mwingine tena? Naye alikuwa na uchungu wake, kwani alitukanwa. Lakini mkubwa ni yeye.

Jumanne alimkuta Syntiche akifua. Akashika shuka upande wa pili, wakaikamua.

"Unisamehe, lakini na weye uli..."

Syntiche akaachia shuka. Bertille akaanza upya.

"Uliniambia mimi peke yangu, nami nikapeleka kwa watu. Nilikusaliti. Na lile neno la papa yako lilikuwa uongo. Nilitafuta neno la kukuumiza, nikalipata. Papa alienda Kabalo kwa sababu mimi na yeye tulishindwana. Weye ulikuwa mutoto wa miaka mitatu, ulimushika mguu asiende."

Syntiche alilia bila kujificha. Bertille hakumwambia anyamaze.

"Nikiri kosa langu mbele ya wamama?" aliuliza baadaye.

"Hapana! Usitaje tena jina langu kule."

"Sawa. Wakiuliza, nitawaambia waache."

"Na kusali?"

"Sitakulazimisha. Ila matusi ndani ya nyumba hii, hapana. Weye wala mimi."

Binti akaokota shuka, akaisuuza tena. "Lile neno la mudomo wako, nalitoa. Lilikuwa baya."

Bertille akanyoosha mikono amkumbatie. Syntiche akarudi nyuma hatua moja.

"Bado, Mama. Na kuna jambo lingine. Nilitaka kukuambia tangu wiki iliyopita. Sasa nitamwambia Tante Adolphine."

Dada wa baba yake! Maswali yalimjaa Bertille mdomoni: ni mvulana? ni ugonjwa? ni shule? Alitamani hata kumbembeleza. Akayameza yote, moja baada ya jingine, na machozi juu yake.

"Mwambie," alisema. "Yeye anajua kunyamaza."