Dakika Arobaini

Mume wangu ni mwalimu wa jiografia, na hilo ndilo lililotuponza. Mtu mwingine angemeza vidonge vyake akalala. Yeye ndani ya ndege alitoa kalamu akaanza kugawa longitudo nyuma ya tiketi.

Tezi zake zilizo juu ya figo zilizima miaka sita iliyopita, hazitengenezi tena ile homoni inayomsimamisha mtu anapougua au kuchoka. Anaishi kwa vidonge vya haidrokotisoni, steroidi inayoshika nafasi ya homoni hiyo, mara tatu kwa siku. Daktari alituambia waziwazi: ndani ya ndege meza kila baada ya saa sita, ukitua fuata saa ya huko. Lakini Mwalimu akapiga hesabu kwamba tukielekea mashariki tunapoteza saa saba, kwa hiyo kidonge kimoja kimepotea nazo. Nilibisha. Akanichorea dunia. Nilikuwa nimechoka hadi kwenye kucha, nikamwambia haya, fanya utakavyo, naye kidonge hicho hakukimeza.

Tulitua asubuhi, tukapewa chumba cha hoteli kando ya uwanja tungojee ndege ya pili, ya saa nane mchana. Binti yetu alikuwa amejifungua na tulikuwa hatujamwona mjukuu. Saa nne Mwalimu alitapika. Sijui ni chakula cha kwenye ndege au nini. Akameza kidonge kingine, hakikukaa hata robo saa. Hapo akaanza na kuharisha.

Kanuni naijua hata ukiniamsha usingizini: kidonge kikirudi mara ya pili, sindano, kisha hospitali. Kifurushi cha sindano ya dharura kilikuwa kwenye mkoba wangu, pamoja na barua ya daktari iliyotupitisha kwa wale wakaguzi waliozigeuzageuza sindano zetu kama wamekamata jambazi. Nikakiweka kitandani.

"Ukinichoma tutakosa ndege," alisema. "Ngoja kidogo. Itatulia."

Nikangoja. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki miguu imevimba, nikimsikiliza akienda chooni na kurudi, akienda na kurudi. Mara ya mwisho hakurudi. Nilimkuta ameegemea sinki, midomo imekauka, jasho la baridi linamtiririka, akaniuliza kama wanafunzi wameshaingia darasani. Nikaangalia saa. Dakika arobaini zilikuwa zimepita.

Mimi ni fundi cherehani, sindano ndiyo inayonilisha, lakini hii haikuwa ya kushonea. Nikamlaza palepale sakafuni. Maji nikayaingiza kwenye kichupa cha unga, nikakitikisa mpaka yakawa maangavu bila chembe, nikavuta yote kwenye bomba. Kumvua suruali sikujisumbua. Nilimchoma juu ya nguo, upande wa nje wa paja, nikasukuma mpaka mwisho. Kisha nikapiga simu mapokezi. Nilimwambia yule dada wa mapokezi aite gari la wagonjwa na awaambie maneno haya haya: mgonjwa anategemea steroidi, anatapika, yuko hatarini.

Hospitalini muuguzi alitaka tukae kwenye foleni, maana kwake huyu alikuwa mtu wa tumbo tu, kama wale wengine sita kwenye benchi. Sikupiga kelele, nguvu zenyewe sikuwa nazo. Nilimwekea juu ya fomu zake kadi ya steroidi, ile ambayo Mwalimu hutembea nayo. Aliisoma huku anasonya. Alipofika kwenye mstari unaosema matibabu yasicheleweshwe, akaacha kusonya, akavuta machela mwenyewe. Wakampima sukari, ilikuwa chini. Wakamtundikia dripu ya maji ya chumvi na ya sukari, wakamwongezea haidrokotisoni kwa mshipa.

Saa nane ilipita. Ndege iliondoka bila sisi, na mimi nilikuwa kwenye stuli kando ya kitanda, kichwa kizito. Daktari kijana alikuja kunisifu. Alisema sindano ile ndiyo iliyomfikisha akiwa hai. Nilitamani anyamaze.

Jioni Mwalimu alifumbua macho, ametulia, akili zimerudi. Akashika mkono wangu.

"Umeniokoa, mama."

Ningeweza kuitikia tu yakaisha. Lakini nilikuwa nimechoka hata kudanganya.

"Nilichelewa," nikasema. "Sindano ilikuwa pale kitandani nami nimekaa. Usidhani ni kwa sababu ulinikataza, tangu lini nikakusikiliza? Nilichoka, Mwalimu. Nilitaka mara moja tu mwili wako ujisimamie wenyewe bila mimi. Nikakaa nione kama utaweza."

Aliuachia mkono wangu. Nilijua nimemuumiza, nikaona aibu, na bado nilijisikia mwepesi.

"Na mimi," akasema, "kwenye ndege kile kidonge sikukikosea hesabu. Nilikiacha kusudi, nione hivyo hivyo kama mwili utaweza."