Lango Lililochelewa Mbele ya Wageni

Mama Pacha alifundisha umeme katika chuo cha ufundi. Mumewe, Baba Pacha, alifundisha mitambo hapohapo. Waliunda pamoja mkanda mdogo wa kubeba maboksi na kuchambua marefu na mafupi. Mke alifunga sensa ya mwanga na kupanga muda. Mume akafunga kompresa ya hewa, silinda yenye pistoni na lango. Boksi refu likikata mwanga wa sensa, valvu ya umeme ilisubiri kidogo, kisha ikafungulia hewa, pistoni ikasukuma lango na boksi likaelekezwa pembeni. Fupi lilipita chini ya mwanga, likaenda zake moja kwa moja.

Siku wageni walipokuja kuuona mtambo, maboksi marefu yalipita pamoja na mafupi. Lango lilijikongoja, likafika boksi limeshapita.

Mkuu wa chuo akauliza kulikoni.

"Muda umepangwa vibaya," Baba Pacha akajibu, mbele ya wanafunzi na wageni. "Upande wa umeme huo."

Mama Pacha alihisi uso unawaka kwa aibu.

Wageni walipoondoka, alibaki karakanani na kuwasha mtambo tena. Taa ya valvu iliwaka kwa wakati wake. Kilichomshangaza ni kompresa: ilinguruma bila kupumzika, na mshale wa geji ya shinikizo haukupanda. Akafuata mpira wa hewa kwa mkono hadi chini ya meza. Hapo palikuwa na kiungo kipya chenye tawi, kinavuja fyuu.

Mumewe alikuwa nje, anakunja mpira wa bunduki ya kupulizia rangi.

"Umechota hewa ya mkanda kupaka viti rangi?"

"Kidogo tu."

"Kiungo kinavuja. Shinikizo limeshuka, pistoni inakwenda kama mgonjwa. Uliliona hilo?"

Baba Pacha aliangalia viatu vyake. "Niliona geji asubuhi. Nikadhani ingetosha."

"Kwa hiyo uliposema muda ni mbovu, ulikuwa unajua."

"Mkuu alinikodolea macho, Mama Pacha. Lilinitoka tu."

"Likaniangukia mimi."

Hakupandisha sauti, na hilo lilimtisha mume zaidi. Mama Pacha alirudi ndani, akang'oa lile tawi, akakaza mpira mahali pake. Mshale ukapanda, kompresa ikanyamaza. Boksi refu likaja, lango likalipokea sawasawa. Muda haukuguswa.

"Tumeyamaliza basi?" mume akauliza.

"Nenda kwa mkuu sasa hivi. Kesho asubuhi uwaambie wanafunzi mwenyewe, walewale waliokusikia."

"Nitaonekanaje?"

"Kama nilivyoonekana mimi leo."

Alikwenda. Kupitia dirisha la ofisi, Mama Pacha alimwona amesimama, mikono nyuma, mkuu akimsikiliza bila kumkaribisha kiti. Mama Pacha alidhani angefarijika. Lakini hasira ilikuwa haijaisha.

Mume alipotoka na funguo za gari mkononi, alimkuta mkewe ameshabeba mkoba, anavuka geti kwa miguu.

"Twende nyumbani," akamwita.

"Tangulia," akajibu bila kugeuka.