Siku Mzee Dzombo Alipokatazwa Mizaha

Ukipata pancha pale Matsangoni karibu na kibanda cha Mzee Dzombo, shukuru na ujute papo hapo. Tairi atakuzibia sawasawa, ila huondoki bila mzaha, na mzaha wenyewe umechacha kuliko uji wa juzi.

"Daktari kanipa vidonge," atakwambia, uso mkavu kama ngozi ya ngoma, macho kwenye tairi. "Akaniambia, 'Meza.' Nikamjibu ninayo nyumbani, tena ya mvule."

Utaguna. Hakuna asiyeguna. Yeye hacheki, haelezi, wala hakutazami kuona umeonaje. Anasugua mpira wake kwa msasa kana kwamba kakutajia bei ya mahindi. Na kesho yake utarudi, baiskeli nzima kabisa, ati uongezwe upepo.

Kadzo, binti yake, alikuwa akiguna tangu utotoni. Basi siku watu wa kina Kalama wa Adu walipokuja kumposa, alimvuta babake kando asubuhi.

"Baba, leo nakuomba. Usifanye mzaha hata mmoja. Shangazi yake Kalama, yule Kahaso, hataki upuuzi. Atasema nyumba hii haina adabu."

"Hata mmoja mdogo?"

"Hata wa kunyonya."

"Haya, mwanangu. Nimenyamaza."

Na akanyamaza kweli. Masikini Kadzo! Alichosahau ni kwamba ukiutoa mzaha, uso unabaki.

Wageni walifika, wakaamkiana na wenyeji, wakaketi uani. Shangazi Kahaso akatua mbele ya wazee kibuyu cha tembo la mnazi, kama ilivyo desturi. Tembo la posa haliguswi mpaka msichana aulizwe na akubali. Na anayeanzisha maneno ni babake. Kibuyu kikirudi kilikotoka bila kuguswa, posa imekufa.

"Mvua zenu huku nzuri," alisema Mzee Kalume, babake Kalama.

"Ndiyo," alijibu Dzombo. Uso ule ule.

"Na mji wenu mzuri pia."

"Ndiyo."

Mzee Kalume akakohoa. Kalama alikuwa akitokwa na jasho mpaka kola ya shati imelowa. Kadzo, aliyesimama mlangoni na vikombe, akamsikia Kahaso akimnong'oneza nduguye: "Huyu hatutaki sisi. Hivi uso wa kumkaribisha mgeni ndio ule? Tuchukue chetu twende."

Mkono wa Kahaso ukashika shingo ya kibuyu.

Kadzo afanye nini? Awaambie babake ni mcheshi? Nani angesadiki, na uso ule? Ucheshi wa kuelezwa ni samaki wa kutafuniwa. Ndipo alipoelewa alichokuwa akigunia miaka yote. Mzaha mzuri humpandisha aliyeutoa. Mbovu humshusha, tena mbele ya watu, kwa hiari yake. Na mtu aliyejishusha mwenyewe mbele yako, utamwogopea nini?

Akaja akapiga magoti, akavitua vikombe. Akaukausha uso wake pia.

"Baba," alisema kwa sauti ya kusikika. "Wageni wametuletea tembo."

Dzombo akamtazama. Kadzo akashusha kope, kidogo tu: ruhusa.

Mzee hakuharakisha. Alikitazama kibuyu. Akatazama njia waliyojia wageni. Akakitazama kibuyu tena.

"Mmetoka naye Adu?"

"Ee, Adu," alisema Mzee Kalume, bila kujua anaelekea wapi.

"Na mashamba mliyopita yamesalimika?"

Dzombo akainama, akachungulia mdomo wa kibuyu kama fundi anayetafuta tundu kwenye mpira.

"Mkonga wake siuoni."

"Aaaah, mzee!" Mzee Kalume aliguna kutoka tumboni. Kalama akajifunika uso kwa viganja. Jikoni, mamake Kadzo akapaza sauti: "Tusameheni, jamani! Ndivyo nilivyomkuta!" Watu wa pande mbili, ambao dakika moja nyuma hawakuwa na neno la kuambiana, walikuwa wakiguna pamoja na kupigana mabega.

Kahaso peke yake hakutikisika. Kadzo akaona posa yake imekwisha.

Shangazi akakiachia kibuyu, akautuliza mkono wake mapajani.

"Mkonga tumeuacha nyumbani, mkwe," alisema, uso umekauka kuliko wa Dzombo. "Unamwagilia mahindi."

Mkwe! Kadzo alilisikia neno hilo kabla ya mengine yote. Na babake, mtu wa kugunisha dunia, alishika kichwa, akaguna kwa mara ya kwanza maishani mwake.

"Haya, Kadzo," alisema alipopata pumzi. "Watu wanangoja. Tembo hili tunywe, au tusinywe?"

Kadzo akamtazama Kalama, kisha shangazi, kisha kibuyu. Hakutabasamu hata chembe.

"Nyweni, Baba. Tena upesi, kabla hujaanza kuulizia pembe."