Maji Yasiyonyamaza

Fundi bomba alikuja kumsalimia shangazi yake tu. Lakini kabla ya shikamoo kuitikiwa, alisikia sauti ya maji chooni: shiii, kisha kimya, kisha shiii tena. Hakukuwa na mtu ndani.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo sauti niache nayo, inanifariji. Tangu mume wangu afariki, nyumba imekuwa kimya mno."

"Tangu lini inalia hivyo?"

"Tangu kabla ya mvua. Wewe nawe! Umekuja kunisalimia au kunihoji?"

Fundi alifunua tangi la choo. Boya lilikuwa limepanda vizuri, na maji yameishia chini ya mdomo wa bomba la kumwagia ziada. Basi kasoro haikuwa juu. Akatia buluu ya kufulia ndani ya tangi, wakakaa bila kuvuta maji. Muda si mrefu, michirizi ya buluu ikateremka kwenye bakuli.

"Mpira wa chini hauzibi," alisema. "Maji yanavuja, boya linashuka, valvu inafunguka, tangi linajaa upya. Kutwa kucha."

"Si maji tu, jamani?"

"Yanakwenda wapi, Shangazi?"

Shangazi akanyoosha kidole nyuma ya nyumba, liliko shimo la maji machafu.

Fundi alifunga koki, akavuta maji yote, akafungua mnyororo unaovuta mpira. Mpira ulikuwa umekakamaa na kujikunja pembeni. Akafuta ukingo wa tundu unapokalia, akaweka mpira mpya kutoka mkobani, akaacha mnyororo ulegee kidogo. Alipofungua koki, tangi lilijaa, boya likapanda, valvu ikafunga. Kimya.

Shangazi akacheka. "Masikio yananiwasha." Akabeba beseni la nguo kwenda kuanika nyuma.

Ndipo fundi aliposikia sauti nyingine, nzito, kama mtu anayemeza mate. Ilitoka nje, chini ya ukuta.

Alikimbia. Shangazi alikuwa tayari kwenye kamba ya nguo, juu ya mfuniko wa zege wa shimo la maji machafu. Udongo ulikuwa mweusi kwa unyevu ingawa mvua ilikwisha zamani. Ufa mwembamba ulipita baina ya miguu yake.

"Shangazi, usigeuke. Rudi nyuma taratibu."

"Nini tena? Nguo zangu..."

"Achia beseni! Njoo kwangu."

Sauti ya mpwa wake ilimtisha kuliko maneno. Alirudi hatua kwa hatua mpaka fundi alipomdaka mkono na kumvuta. Beseni lilibaki likiinama lenyewe. Kisha mfuniko wa zege ukashuka bila kishindo, na kamba, nguzo na nguo zikafuata. Harufu ikapanda.

Walisimama wakitazama kingo zikiendelea kubomoka, kipande baada ya kipande, kuelekea ukuta wa jikoni.

"Chukua kitambulisho na dawa zako," fundi alisema. "Usirudi ndani kwa kingine chochote."

Jioni, wakiwa kwa jirani, walisikia ukuta wa jikoni ukipasuka.