Gundi Haijashika

"Viache mpaka kesho, shemeji," fundi viatu alisema, ameving'ang'ania kama mtu anayenyang'anywa mtoto.

Mteja wake alikuwa mwanamke wa kusambaza mizigo kwa pikipiki; wenzake walimwita Chapchap, kwa utani tu, maana hata kubisha hodi alibisha kwa upole. Alikuwa amekaa kwenye kigoda cha kibandani, peku, simu mapajani.

"Kesho nitavaa nini? Ninayo pea hii tu."

"Na yale mabuti?"

"Nilimpa kaka yangu anayelinda geti. Yeye anasimama. Mimi napanda ngazi."

Mabuti yalikuwa ya kudumu, hilo hakukana. Lakini kufika ghorofa ya tano ilikuwa kama amebeba mapacha, mmoja kila mguu, na pua yake nene haikupenya chini ya pedali ya gia. Akajaribu viatu vya soli ya tairi. Hivyo navyo havikuisha, ila kwenye vigae vilivyolowa viliteleza kama sabuni. Ndipo akanunua raba hizi, nyepesi, zenye kushika sakafu vizuri, na sasa soli zake za sponji zilikuwa zimelika kama biskuti iliyochovywa kwenye chai.

Fundi alikuwa amepata dawa. Alibakiza raba yenyewe kwa wepesi wake, akaisawazisha soli, akabandika mpira laini wenye mifereji kisiginoni na mbele, pale mguu unapokanyagia ngazi. Katikati, panaposuguana na chuma cha kukanyagia cha pikipiki, aliweka mpira mgumu. Juu ya pua ya kiatu cha kushoto, gia inapokwaruza, akatia kiraka cha ngozi.

Simu ikaita. Keki, ghorofa ya sita.

Akikataa oda, akaunti inafungwa. Ilishafungwa mara moja, na msimamizi alimwambia wazi kwamba mara ya pili asimpigie kumlilia.

"Nipe tu, shemeji."

"Gundi haijashika. Kwenye pikipiki itavumilia, ngazi ndiyo mbaya. Kila ukipanda kiatu kinakunjwa hapa mbele, na hapo ndipo kitafunguka. Hata kushona siwezi, soli bado inatembea."

"Nitapanda taratibu."

"Taratibu, na jina Chapchap?" fundi alitania, akavitoa hata hivyo, kwa shingo upande.

Njiani Chapchap alikaribia kuimba. Ngozi iliteleza chini ya gia bila kukwaruza, na miguu haikuwa na uzito wowote. Kwenye lile jengo mlinzi alimwonyesha ngazi kwa kidevu, kwa kuwa lifti ilikuwa ya wapangaji. Zilikuwa zimetoka kupigwa deki. Alikanyaga kwa woga, mpira ukashika, akakanyaga tena, ukashika. Ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Ya nne, kiatu cha kulia kikafunua mdomo.

Alisimama, mkono mmoja kwenye chuma cha ngazi, mwingine chini ya boksi la keki. Akipanda, soli ingejikunja chini ya mguu. Akishuka, ndiyo angeporomoka kabisa. Juu ngazi, chini ngazi, na simu inatetemeka mfukoni, oda nyingine. Kwa muda hakuweza kwenda popote. Kisha akaketi, akavivua vyote viwili, akavifunga kamba shingoni, akapanda peku, baridi ya vigae ikimpanda mpaka magotini.

Mama aliyefungua mlango aliitazama keki, halafu miguu.

"Kampuni yenu haiwapi viatu?"

"Vipo, mama. Vinakauka."

Alirudi kibandani soli imefungwa kwa kamba ya mfuko. Fundi alicheka kidogo, kisha akaacha. Vumbi lilikuwa limeingia kwenye gundi, kwa hiyo ilibidi aikwangue yote. Akapaka upya pande zote mbili, akangoja mpaka haikunata kidoleni, akagandamiza, akapigapiga nyundo, akaviweka chini ya kipande kizito cha chuma.

"Kesho nashona. Kesho ya kweli, shemeji."

Simu ikaita. Ghorofa ya saba. Chapchap aliangalia miguu yake, akaangalia kile chuma. Kidole chake kilisita muda mrefu juu ya kioo, halafu kikabonyeza kukataa.

Msimamizi hakuchelewa kupiga. "Umekataa oda."

"Ndiyo, bosi."

"Unajua kinachofuata."

"Najua. Ila leo sina miguu."

"Kila mtu ana sababu," alisema, akakata. Kioo cha simu kikageuka kijivu, akaunti imefungwa.

Fundi alimsogezea ndala zake kwa mguu. Zilikuwa kubwa, zimepasuka kati.

"Nenda nazo nyumbani basi."

"Nikifika bila kazi nitasema nini?" Hakuzigusa. Barabarani wenzake walipita na maboksi yao mgongoni, mmoja akampigia honi. Naye akabaki kigodani, miguu ameikunja chini ya sketi, akivilinda viatu visivyoweza kwenda popote.